Forodhani baada ya magharibi: kuipa kamera ya simu muda wa kuona

Jua likishazama, bustani ya Forodhani kule Mji Mkongwe wa Zanzibar hujaa meza za vyakula, kila meza na taa yake. Kuna mishkaki, pweza, urojo na juisi ya miwa, na kuna chuma cha moto ambapo pizza ya Kizanzibari hutengenezwa mteja akiangalia. Karibu kila anayepita hapo hutoa simu apige picha, na hapo ndipo simu nyingi hushindwa. Uso wa mpishi hutoka mweupe kwa flashi au ukiwa umejaa chenga, mikono yake huwa ukungu mtupu, na bahari iliyo upande wa pili haionekani kabisa. Kasoro hizo zote zina chanzo kimoja, nacho ni uhaba wa mwanga. Dawa yake kubwa ni kuipa kamera muda.

Tundu la lenzi ya simu nyingi haliwezi kupanuliwa wala kufinywa. Kwa hiyo giza likiingia, simu hubakiwa na njia mbili tu. Ya kwanza ni kukaa wazi muda mrefu zaidi ili mwanga mwingi uingie. Ya pili ni kuukuza ule mwanga kidogo uliokwisha kuingia, na kiwango cha ukuzaji huo ndicho kinachoandikwa ISO. Njia hizi mbili huonekana kuleta picha yenye weupe uleule, lakini matokeo yake hayafanani hata kidogo, kwa sababu ISO haileti mwanga mpya. Hukuza kilichopo, na chenga nazo hukua humo humo.

Chenga hutokea kwa sababu mwanga haufiki kwenye kamera kwa mtiririko sawasawa. Fikiria vikombe vilivyopangwa uani mvua ikianza kudondoka. Baada ya matone machache, kikombe kimoja kina matatu, cha jirani kina saba, na tofauti hiyo inaonekana wazi. Mvua ikinyesha nusu saa, vyote vitakuwa na maji yanayokaribiana. Kila nukta ya picha hukusanya mwanga kwa bahati ya namna hiyo, na hesabu yake ni ya uhakika: ukikusanya mwanga mara nne zaidi, chenga hupungua kwa nusu. Ndiyo maana chenga hujaa kwenye kivuli na anga, si kwenye balbu. Ngozi nyeusi nayo hurudisha mwanga mdogo kuliko shati jeupe, hivyo uso wa mpishi aliyeipa taa kisogo ndio utakaochafuka kwanza. Kuzunguka meza hatua mbili mpaka taa ya mezani iwe inampiga usoni kunasaidia kuliko kitufe chochote cha kwenye simu.

Sasa tuchukue namba za kweli. Tuseme simu imechagua kukaa wazi kwa sehemu ya 60 ya sekunde, yaani 1/60, na ISO 3200. Picha hiyo itakuwa na chenga za kutosha. Ukiipa 1/15, mwanga unaingia mara nne zaidi, na ISO inaweza kushuka hadi 800. Ukiipa 1/4, ISO inashuka hadi 200, weupe wa picha ukibaki palepale. Kwenye simu zenye sehemu ya Pro unaweza kuziweka namba hizi mwenyewe. Kwenye nyingine simu huamua, lakini nazo hurefusha muda zinapohisi kwamba zimetulia. Tatizo ni kwamba mkono wa binadamu hautulii kwa robo ya sekunde. Kwa kamera kuu ya simu, wengi wanaweza kuvumilia 1/30 bila shida, na kwenye 1/10 ukungu huanza, ingawa simu zenye lenzi inayojirekebisha kufuata mtikisiko huvumilia zaidi.

Kwa hiyo kutuliza simu ni njia ya kununua mwanga. Shika simu kwa mikono miwili na ubane viwiko kwenye mbavu. Egemea nguzo au mti, toa pumzi taratibu, upige mwisho wa pumzi kabla hujavuta nyingine. Forodhani ina kitu bora zaidi ya hapo: ukuta wa ufukweni na viti vya kukalia. Ilaze simu kwa ubavu juu ya ukuta, uiegemeze kwenye chupa ya maji au mkoba, na hapo una stendi isiyokugharimu kitu. Kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau: kugusa kitufe kwenye kioo huitikisa simu wakati uleule inapofungua kamera. Tumia saa ya kuhesabu ya kamera, uiweke sekunde 2 au 3, ili mtikisiko wa kidole uishe kabla picha haijapigwa. Utajua kama tatizo lilikuwa mkono wako kwa kuikuza picha na kutazama taa za mbali. Zote zikiwa zimevutika upande mmoja, simu ndiyo iliyosogea. Taa zikiwa kali na mtu peke yake akiwa na ukungu, aliyesogea ni yeye.

Na mtu huyo hata stendi haimsaidii. Mpishi wa pizza hutandaza donge mpaka liwe jembamba, anatia nyama ya kusaga, vitunguu, hoho, yai na mayonezi, kisha anakunja kingo na kuliweka kwenye chuma. Wakati wa kutandaza, mikono inakwenda mbio mno kwa 1/15. Lakini donge likishakaa kwenye chuma, mpishi hana la kufanya kwa muda kidogo. Anasubiri liive upande wa chini. Hapo ndipo pa kupigia. Na kumwomba ni bora kuliko kumvizia.

“Kaka, ukishaiweka kwenye chuma, tulia hapo hapo kidogo nikupige picha.”

“Haya dada, subiri nimalizie hii ya mteja kwanza.”

Mtu aliyekubali hutulia sekunde nzima bila taabu, na uso wake huinama kuelekea kwenye taa. Piga mbili tatu mfululizo, kwani katika hizo kuna moja ambayo hakupepesa wala kugeuka.

Utulivu huo ndio unaohitajika pia na hali ya Night, ambayo siku hizi hata simu nyingi za bei ya kati zinayo. Google iliiweka kwenye simu zake za Pixel mwaka 2018, na Apple ikafuata na iPhone 11 mwaka 2019. Haipigi picha moja. Hupiga kadhaa mfululizo, huzipanga moja juu ya nyingine kwa kufuata vitu vilivyotulia, kisha huchukua wastani wake. Kwa kuwa chenga za kila picha huangukia mahali tofauti, wastani huzifuta: picha 9 zikichanganywa, chenga hushuka hadi thuluthi moja. Kwa hiyo usiishushe simu mara tu unaposikia mlio. Subiri kioo kikuambie imemaliza. Hali hii ni nzuri sana kwa kuta za Ngome Kongwe iliyo ng’ambo ya barabara na kwa meza isiyo na mtu. Kwa watoto wanaokimbia haifai, maana itakuletea mtoto mwenye mikono minne au asiye na uso. Kwa watoto izime, kubali ISO ya juu, na uvumilie chenga. Picha yenye chenga ya mtoto anayecheka bado ni picha nzuri, ilhali ukungu hauna tiba.

Flashi huonekana kuwa mkato wa haya yote, na kwa mtu aliye karibu sana kwenye giza totoro inaweza kufaa. Ila taa ya simu ni ndogo, na nguvu yake huanguka haraka: kitu kilicho mita 2 hupata robo ya mwanga unaokipata kilicho mita 1, na kilicho mita 4 hupata sehemu moja ya 16. Simu hupima weupe kwa aliye mbele, hivyo mpishi anang’aa na nyuma yake panakuwa weusi mtupu, kana kwamba Forodhani yote imezimwa umeme. Moshi wa mishkaki nao hurudisha mwanga huo kwenye lenzi na kutanda madoa meupe. Isitoshe, flashi hufuta rangi ya joto ya balbu, ambayo ndiyo iliyokufanya utake picha. Mwanga wa ziada ukihitajika kweli, mwombe mwenzako awashe tochi ya simu yake akiwa pembeni, aielekeze kwenye sahani nyeupe au karatasi ili mwanga umfikie mtu kwa kurudi. Mwanga unaotoka ubavuni na uliolainishwa hivyo huacha umbo la uso.

Kabla ya yote, futa lenzi kwa kitambaa safi. Mafuta ya vidole hayaonekani mchana, lakini usiku kila balbu hutoa mistari mirefu kwa sababu yake. Usivute picha kwa vidole. Usiku simu nyingi hukata tu kipande cha kamera kuu na kukikuza pamoja na chenga zake. Sogea kwa miguu. Kamera ya pembe pana nayo kwa kawaida hupokea mwanga mdogo kuliko kamera kuu, kwa hiyo baki kwenye 1x. Kisha gusa uso wa mpishi kwenye kioo, na uso ukiwa mweupe kupita kiasi telezesha alama ya jua chini kidogo. Kidogo tu: picha iliyofanywa nyeusi mno kisha ikaangazwa baadaye hufukua chenga zote zilizokuwa kivulini. Balbu yenyewe iache iungue.

Ukiweza kuchagua saa, fika mapema. Forodhani inatazama magharibi, na jua hapo huzama baada ya saa 12 jioni. Karibu na ikweta giza huingia upesi, hivyo una yapata dakika 20 hivi ambazo anga ina buluu na taa za meza tayari zimewaka. Katika dakika hizo bahari na mashua huonekana nyuma ya mpishi, na ISO haina haja ya kupanda sana.

Chenga zitakazobaki, zipunguze nyumbani kwa programu ya kuhariri kama Lightroom. Anza na zile za rangi, yaani vinukta vyekundu na kijani vilivyomo kwenye vivuli. Kuzifuta hakuharibu kitu. Zile za weupe na weusi zipunguze kwa tahadhari, ukitazama nyusi na nywele: zikianza kuungana na ngozi ikawa laini kama plastiki, rudi nyuma. Kupunguza ukubwa wa picha pia kunasaidia, kwa kuwa nukta nne zikiunganishwa kuwa moja chenga zake hupoana. Na unapoituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, la sivyo programu huibana, na anga ya usiku hukatika vipande vya mraba ambavyo havikuwemo ulipoipiga.