Paka Amesikia Jina Lake, Mbona Haji?

Watu wengi humwita paka kisha humtazama miguu, wakingoja ainuke. Asipoinuka husema hakusikia, au ana kiburi. Jibu lake linaonekana kwenye masikio. Paka aliyejilaza dirishani akiitwa, mara nyingi sikio moja huzunguka kuelekea kwa anayeita, pengine na ncha ya mkia ikatikisika, huku macho yakiwa bado yamefumba. Amesikia na ametambua. Ameamua tu kubaki alipo.

Mtafiti wa Kijapani, Atsuko Saito, aliitumia dalili hiyo ya masikio na kichwa kupima jambo ambalo wenye paka wamelibishania miaka nenda rudi. Katika utafiti uliochapishwa 2013, yeye na mwenzake waliwarekodi watu wakiwaita paka, wakawachezea paka hao sauti za wageni, kisha ya mwenye paka. Sauti ya mwenye paka ilipofika, masikio na vichwa viligeuka kuliko kwa wageni. Lakini paka hawakutoka walipokuwa kwenda kuitafuta, na ni nadra waliolia kuitikia.

Mwaka 2019 Saito na wenzake walichapisha jaribio jingine, safari hii kuhusu jina lenyewe. Kila paka alisomewa maneno manne ya kawaida, yenye urefu na mkazo kama wa jina lake, yakipishana kwa sekunde 15. Neno la kwanza humgutusha paka, la pili humgutusha kidogo, na kufikia la nne wengi huwa wamekwisha kuzoea. Hapo ndipo jina lilipotajwa, na masikio yakageuka upya. Hata liliposomwa na mtu mgeni, paka walilitofautisha na maneno mengine.

Sehemu yenye mafunzo zaidi ilitoka kwenye mkahawa wa paka, mahali ambapo wateja hulipa ili wakae na kucheza nao. Paka wa huko hawakuonyesha tofauti kati ya jina lao na majina ya paka wenzao. Watafiti walitoa dhana kwamba mteja humwita paka mmoja, anakuja mwingine, na huyo huyo aliyekuja ndiye anayepapaswa na kupewa kitu. Kwa paka wa hapo, jina lolote lilikuwa na faida. Saito mwenyewe hadai kwamba paka anajua jina ni lake kwa maana ya binadamu; paka amelihusisha tu na yale yanayolifuata.

Sasa tuseme paka anaitwa Chausiku, tuhesabu yanayomfuata. “Chausiku, shuka mezani!” Hapo anafukuzwa. “Chausiku amenenepa siku hizi,” na hakuna anayemgusa. “Chausiku, njoo,” anakamatwa na kutiwa kwenye kikapu, safari kwa daktari wa mifugo. Mara mojamoja jina huleta chakula, lakini siku nzima hutajwa bila kumletea chochote. Mchakato wa mfuko wa dagaa hauna mambo mengi: ukisikika, sahani inajaa. Kwa hiyo anatoka mbio.

Tena mchakato ule unayafaa masikio yake. Binadamu husikia sauti zenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Paka hufika karibu 85,000, kiwango kinachompa milio ya panya tusiyoisikia kabisa. Sauti nyembamba za mfuko au kopo, ambazo kwetu hufifia chumba cha pili, kwake bado ni wazi.

Historia nayo ina mkono wake. Mbwa walizalishwa kwa vizazi vingi ili wafuate amri, wachunge na kuwinda pamoja na watu. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Karibu, mnyama anayewinda peke yake, aliyesogelea makazi ya wakulima kwa sababu ya panya wa ghalani. Kazi hiyo haikuhitaji aitwe.

Anayetaka paka aje akiitwa anaweza kumfundisha. Alitaje jina mara moja, paka akiwa karibu na ana njaa kidogo, kisha ampe kipande cha samaki papo hapo. Akishazoea, aitwe kutoka mbali kidogo. Jina hilo lisitumike kumkemea wala kumkamata kwa ajili ya dawa.

Hata hivyo, kuna paka asiyesikia kweli. Weupe wenye macho ya buluu huzaliwa viziwi mara nyingi kuliko wengine, na paka wazee nao hupungukiwa na usikivu. Mfuko wa chakula uchakachwe nyuma yake akiwa macho, bila kumpitishia upepo wala kutikisa sakafu. Sikio lisipocheza hata baada ya kurudia siku nyingine, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Paka kiziwi anaweza kuitwa kwa kukanyaga sakafu kwa kishindo, au kwa kuzima na kuwasha taa kila saa ya chakula inapofika.