Kijani Kinachobaki Ndani ya Kichupa

Sukuma wiki huwasumbua wapimaji wa mabaki ya viuatilifu kuliko nyanya au tango, na chanzo cha usumbufu huo ni kilekile kinachoifanya ipendwe sokoni: majani yake yamejaa kijani. Sumu inayotafutwa huwa kidogo mno. Soko la Ulaya, kwa mfano, hutumia kikomo cha miligramu 0.01 kwa kilo pale ambapo kiuatilifu hakikuwekewa kikomo chake mahususi, yaani sehemu moja ya sumu katika sehemu milioni mia za mboga. Klorofili, nta, sukari na asidi za jani lenyewe ni nyingi kuliko hapo mara maelfu kwa maelfu, na zote humiminika pamoja na sumu pindi jani linaposagwa. Watu wengi hudhani kwamba mashine ya kromatografia ndiyo inayotoa jibu. Mimi nasema jibu huwa limekwisha kuamuliwa kwa sehemu kubwa kabla mashine haijaguswa, na kwamba katika mboga za majani kosa la kuogopwa zaidi ni kusafisha kupita kiasi. Dondoo chafu hujitangaza lenyewe, kwa kuwa vilele huvurugika na mashine huziba. Dondoo lililosafishwa mno hutoa picha nzuri na tarakimu ndogo, na hakuna anayeshuku.

Njia inayotumika siku hizi katika maabara nyingi ilichapishwa mwaka 2003 na Michelangelo Anastassiades, Steven Lehotay na wenzao, nayo hujulikana kwa jina la QuEChERS. Mboga isiyopungua kilo moja hukatwakatwa na kusagwa ikiwa imegandishwa, vizuri zaidi pamoja na barafu kavu, hadi iwe unga laini unaofanana kila mahali. Gramu 10 za unga huo hutiwa katika mrija wa plastiki wa mililita 50, zikaongezwa mililita 10 za asetonitraili, kisha mrija ukatikiswa kwa nguvu. Asetonitraili huchanganyika na maji kwa uwiano wowote, na katika gramu 10 za jani bichi zaidi ya gramu 8 ni maji. Kwa hiyo kiyeyusho hicho hupenya hadi ndani ya seli zilizopasuka bila kizuizi, kikachukua kiuatilifu kinachopenda maji na hata kile kinachoyakimbia. Mafuta na nta hakivichukui kwa wingi, na hiyo ndiyo faida yake juu ya asetati ya ethili. Asetoni nayo hupenya vizuri, lakini haitengani na maji mpaka iongezewe kiyeyusho kingine kisichopenda maji, na njia za zamani zilitumia kwa kazi hiyo mamia ya mililita za dikloromethani, kemikali yenye madhara kwa anayeivuta kila siku.

Kutenganisha asetonitraili na maji ni kazi ya chumvi. Katika toleo la Ulaya, linaloitwa EN 15662, mrija huongezewa gramu 4 za salfeti ya magnesiamu isiyo na maji, gramu 1 ya chumvi ya kawaida, na gramu 1.5 za chumvi mbili za sitreti zinazoshikilia pH karibu na 5. Salfeti ya magnesiamu hunyakua maji na kuyafunga ndani ya fuwele zake, na mrija hupata joto mkononi. Hapo ni lazima utikiswe mara moja, la sivyo salfeti hugeuka bonge gumu lenye mboga ndani yake, na kilichonaswa humo hakitoki tena. Baada ya dakika moja ya kutikisa na dakika chache katika sentrifuji, mrija huonyesha matabaka yake: chini maji yaliyoshiba chumvi, juu asetonitraili ya kijani kibichi, na katikati masalia ya majani. Kwa kuwa gramu 10 ziliingia katika mililita 10, kila mililita ya juu hubeba sumu ya takribani gramu moja ya mboga.

Mpaka hapa kazi huenda kwa usalama. Hatua inayofuata, ya kusafisha, ndiyo inayodai busara. Sehemu ya kioevu kile cha juu huhamishiwa katika kichupa chenye unga uliopimwa, kikatikiswa na kuzungushwa tena. Kwa kila mililita huwekwa miligramu 150 za salfeti ya magnesiamu ili kuondoa maji yaliyobaki, na miligramu 25 za silika iliyofungwa amini, ambayo kwenye chupa huandikwa PSA. Amini hizo hushika asidi za mmea na sehemu ya sukari. Hushika pia viuatilifu ambavyo ni asidi, kama 2,4-D, ndiyo sababu hivyo hupimwa kutoka katika dondoo ambalo halijasafishwa. Klorofili haishikwi vya kutosha na unga huo, kwa hiyo kwa majani kama sukuma wiki huongezwa unga wa kaboni ya grafiti, miligramu 2.5 kwa mililita, au 7.5 kama kijani ni kizito. Kaboni hiyo ina nyuso bapa, na huvuta kila molekuli yenye pete bapa inayoweza kulala juu yake. Klorofili ni mojawapo. Viuatilifu vya ukungu kama kabendazimu na thiabendazoli, na klorothalonili pia, vina umbo la aina hiyo hiyo. Kaboni haina namna ya kujua kipi ni uchafu na kipi ni sumu tunayoitafuta.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme sukuma wiki ina miligramu 0.12 za kabendazimu kwa kilo, na kikomo kinachotumika ni 0.10. Mboga hii haifai kuuzwa. Mpimaji anataka dondoo jeupe, anaongeza kaboni, na asilimia 40 ya kabendazimu inabaki juu ya unga huo mweusi. Mashine inapima sawasawa kilichofika kwake na kuandika 0.072, na mzigo unapita. Hakuna kifaa kilichoharibika na hakuna aliyedanganya. Mwongozo wa Ulaya hutaka asilimia inayorejea katika majaribio iwe kati ya 70 na 120, na asilimia 60 ingepiga kengele, lakini kengele hiyo hulia tu ikiwa maabara ilifanya jaribio hilo kwa mboga ya majani. Maabara iliyoijaribu njia yake kwa nyanya, ambayo haikuhitaji kaboni, haitasikia chochote.

Mtu anaweza kusema: basi tujue hasara ni asilimia ngapi, tugawanye, tumalize. Jambo hilo lingewezekana kama hasara ingekuwa ileile daima, nayo siyo. Klorofili na kiuatilifu hugombea nafasi juu ya kaboni ileile. Jani la kijani kizito hujaza nafasi nyingi kwa klorofili na kukiacha kiuatilifu kiendelee na safari. Jani lililopauka, likitiwa kaboni ya kiasi kilekile, huacha nafasi wazi na kiuatilifu huzikalia. Kwa hiyo kiasi kilichofaa kwa sukuma wiki ya leo kinaweza kudhulumu kabichi ya kesho, na kigawanyo kimoja hakiwezi kusahihisha zote mbili. Hapo ndipo ilipo maana ya kanuni ya vitendo inayoshangaza wanaoanza kazi hii: baada ya kusafisha, kichupa kibakiwe na kijani kidogo kinachoonekana kwa macho. Kijani hicho ni ushahidi kwamba kaboni imeshiba klorofili. Kwa anayetaka tarakimu badala ya rangi, huongezwa antrasini kabla ya kusafisha. Ni molekuli bapa inayoipenda kaboni kuliko viuatilifu vyenyewe, na ikirejea zaidi ya asilimia 70, mpimaji anajua kwamba hata vile bapa havikupotea kwa kiasi cha kutisha.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa wenye mashine mpya. Wanasema spektrometa za tungamo za leo huitambua molekuli moja katikati ya maelfu, basi kusafisha kwenyewe ni mazoea ya zamani. Wana haki nusu. Kwenye kromatografia ya kimiminika, dondoo linaweza kuzimuliwa mara tano au kumi likapimwa bila kaboni kabisa, ikiwa mashine ina uwezo wa kuona kilichobaki, na kwa kabendazimu ningechagua njia hiyo bila kusita. Lakini uwezo wa kutambua huanza baada ya molekuli kupewa chaji, na uchafu wa jani huingilia kati mapema zaidi, pale pale chaji inapogombewa. Kiuatilifu kilichonyimwa chaji hakionekani, mashine iwe bora namna gani. Kwenye kromatografia ya gesi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu klorofili haigeuki mvuke, hukaa mlangoni mwa mashine ikiungua taratibu, na sindano za baadaye hulipia uchafu wa zile za kwanza. Huko kusafisha hakuepukiki.

Wengine hujibu kwamba kunyimwa chaji huko hurekebishwa kwa kulinganisha na sukuma wiki isiyo na sumu iliyoongezewa kipimo kinachojulikana. Ni kweli, ila tuangalie kipimo hicho kiliongezwa lini. Kikiongezwa mwishoni, baada ya kusafisha, hurekebisha tu kinachotokea ndani ya mashine, na kilicholiwa na kaboni hakihesabiwi. Kikiongezwa kwenye unga wa mboga kabla ya asetonitraili, hupitia mikasa yote ya safari. Bora zaidi ni kuongeza katika kila sampuli kabendazimu iliyobadilishwa hidrojeni zake kadhaa kuwa deuteri: hupotea kwa kiwango kilekile, na uwiano wa hizo mbili huirudisha 0.072 kuwa 0.12. Kemikali hizo ni ghali na viuatilifu vinavyotafutwa ni mamia, hivyo huwekwa kwa vile vinavyojulikana kuwa vinapotea. Nazo hazishuhudii kila kitu, kwani zilimwagwa juu ya unga na hazikuwahi kukaa ndani ya seli. Usagaji duni hauwezi kufichuliwa nazo.

Upotevu mwingine hutokea hata kabla ya asetonitraili. Jani la jamii ya kabichi linapokatwa likiwa na joto la chumba, vitu vyenye salfa vilivyomo huachiliwa na kuishambulia klorothalonili ndani ya muda mfupi. Kuzuia hilo ni kazi nyingine ya barafu kavu katika kusaga. Amini za PSA nazo hupandisha pH ya dondoo, na viuatilifu visivyovumilia hali hiyo huanza kuvunjika kichupani, kwa hiyo dondoo likishasafishwa huongezewa asidi ya fomiki kidogo.

Kuna pia kiuatilifu kisichoingia kabisa katika dondoo. Mankozebu, kinga ya ukungu inayopuliziwa mashambani kwa wingi, ni mnyororo mrefu uliofungwa kwa manganizi na zinki. Haiyeyuki katika asetonitraili, na ripoti ya viuatilifu mia mbili vilivyotafutwa kwa njia hii haisemi lolote kuihusu. Hutafutiwa kipimo cha peke yake, ambapo mboga huchemshwa kwa asidi na kloridi ya bati mpaka mnyororo uvunjike na kutoa disulfidi ya kaboni, nayo ndiyo hupimwa. Sukuma wiki huleta ugumu huko pia, kwani salfa yake ya asili hutoa kiasi kidogo cha gesi hiyohiyo hata kama shamba halikupuliziwa kitu, na namba ndogo ya disulfidi ya kaboni katika mboga hii haitoshi kumshtaki mkulima.