Vyumba vya wanachuo: kodi ya miezi tisa, hesabu ya kumi na miwili

MWENYE nyumba wa Changanyikeni, jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anayedai kodi ya miezi sita kwa mkupuo kama ilivyo desturi ya jiji, humfukuza mteja kabla hajakiona chumba. Tuchukue chumba cha sh. 120,000 kwa mwezi. Miezi sita ni sh. 720,000. Mwanachuo mwenye mkopo wa serikali, kwa kiwango cha sh. 10,000 kwa siku kilichoanza mwaka wa masomo 2022/23, hupata sh. 600,000 za siku 60, na humo humo ale.

Dawa ni kuweka wawili chumba kimoja, kila mmoja sh. 75,000. Kwa miezi minne ya mwanzo kila mmoja atatoa sh. 300,000, nusu ya bumu. Wakikaa miezi tisa, Novemba hadi Julai, chumba kitaingiza sh. 1,350,000. Mpangaji wa kawaida angelipa sh. 1,440,000 kwa mwaka mzima. Pengo ni sh. 90,000 tu, ingawa maji na choo vitatumika zaidi.

Hesabu hiyo huharibika mmoja akiahirisha masomo baada ya miezi minne. Zimebaki sh. 375,000 zisizo na mwenyewe, na aliyebaki atasema yeye amelipa nusu yake. Hapa ndipo mdhamini anapohitajika. Mzazi wa Kahama hatakubali kumdhamini mtoto wa mwenzake, wala si haki kumlazimisha. Kila mzazi adhamini nusu ya mwanawe hadi Julai, na mkataba umpe aliyebaki siku 30 za kutafuta mwenza anayemtaka. Zikipita, mwenye nyumba atafute mwenyewe. Mwenza mpya akilipa, deni la mdhamini linapungua kwa kiasi hicho.

Fomu ya udhamini hupelekwa na mwanachuo mwenyewe, na mara nyingine hurudi upesi mno. Linganisha mwandiko wa mdhamini na wa mpangaji. Omba nakala ya kitambulisho, kisha piga simu wewe mwenyewe umtajie mzazi kiasi anachodhamini. Anayeshtuka hakusaini.

Kuhusu wakati, wanaoendelea na masomo watafutwe Juni, kabla hawajafunga mizigo. Walipe mwezi mmoja wa kushikilia chumba, ukatwe kwenye kodi ya Novemba. Tangazo libandikwe penye maduka ya fotokopi, maana dalali hudai kodi ya mwezi mzima na mwanachuo hana. Wa mwaka wa kwanza husubiri orodha ya hosteli za chuo. Majina yakishatoka, waliokosa hutafuta vyumba kwa siku chache tu. Chumba kisichopakwa rangi wiki hiyo hubaki na mwenyewe, na kuanzia hapo ni heri kumpa mfanyakazi wa kawaida kuliko kungoja Novemba nyingine.