Matangazo ya sadaka yafike na kwenye video

Katika makanisa mengi ya Ifakara, kabla ya baraka ya mwisho hufika zamu ya matangazo. Katibu husoma ndoa zinazotarajiwa, kazi za jumuiya, kisha sadaka ya Jumapili iliyopita kwa shilingi. Mwana Kilombero aliyeko Dar es Salaam au Muscat, anayeitazama kwaya ya kwao kwenye YouTube, haambiwi hayo. Anakuta namba ya simu tu, na mara nyingine ni ya mwalimu wa kwaya.

Hapo ndipo wengi huishia. Kabla hujakamilisha muamala, simu hukuonyesha jina la mpokeaji, na jina la mtu usiyemjua linatosha kukufanya uache. Shaka hiyo ina msingi. Julai 2024 serikali ililifuta kanisa la Buza, Dar es Salaam, lililojulikana kama Kiboko ya Wachawi, na kutoza waumini fedha za maombezi lilikuwa mojawapo ya malalamiko.

Dawa ni Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la parokia au kwaya, na maelezo ya video yataje mapema jina litakalotokea. Tuseme kwaya inachangia paa la kigango lililoezuliwa na upepo. Ingeweza kuandika hivi:

```
LIPA NAMBA: (namba) Jina: (la parokia)
Lengo: mabati ya kigango
Hadi 31 Machi: zimeingia 1,240,000
Mabati 25: 800,000
Misumari: 30,000
Usafiri: 60,000
Baki: 350,000
Mhazini na paroko wamehakiki.
```

Mistari hii ikae juu kabisa. YouTube huonyesha mwanzo tu wa maelezo mpaka mtu abofye, nasi tuna mazoea ya kujaza nafasi hiyo salamu na maombi ya kujiandikisha. Mashairi ya wimbo yafuate chini.

Tarehe isikosekane. Maelezo ya video hubadilishwa wakati wowote na mtazamaji haoni yaliyokuwapo jana, kwa hiyo taarifa isiyo na tarehe haimsaidii. Kama kuna makato ya kutoa fedha, yaandikwe pia. Aliyetuma elfu kumi akikuta hesabu imepungua bila sababu, atadhani imeliwa.

Namba ikibadilika, kazi ipo kwenye video za zamani. Zinaendelea kutazamwa zikiwa na namba iliyokufa, au ya mhazini aliyekwisha kuondoka. YouTube Studio huruhusu kuchagua video nyingi na kurekebisha maelezo yake kwa pamoja; kazi ya jioni moja.

Nawe mtazamaji, ukiona namba nyingine chini, kwenye maoni, hata ikiwa na picha ya kwaya na neno «Amina», usiitumie. Fuata iliyo kwenye maelezo, soma jina linalotokea, na lisipolingana futa muamala, kisha upige simu parokiani.