Kuomba Muda wa Ziada Katika Mtihani

Baraza la Mitihani la Tanzania huelekeza watahiniwa wenye mahitaji maalumu waongezewe dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 katika masomo mengine. Karatasi ya Hisabati ya saa 2 huongezewa dakika 40.

Asiyetambuliwa mapema huweza kuikosa haki hiyo. Mzazi wa Sitalike ambaye mwanawe huelewa somo lakini husoma kwa shida, amwandikie mwalimu mkuu kabla ya usajili, akiambatisha taarifa ya mtaalamu aliyempima mtoto pamoja na kazi zake za darasani.

Asiandike, “Tunaomba mumhurumie.” Aandike, “Husoma kwa saa nzima kile ambacho wenzake husoma kwa dakika 40. Anahitaji muda wa ziada.” Tunashauri abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa shule.