Risasi ya Polisi Ikiua, Saa za Kwanza Ndizo Huamua Kesi

Agosti 2014, usiku, polisi walifika katika boma moja la kijiji cha Maweu, Kinango, kaunti ya Kwale. Walikuwa wakimsaka mshukiwa wa mauaji. Walipoondoka, msichana wa miaka 14 wa familia hiyo alikuwa amekufa kwa risasi. Maelezo yao yalikuwa kwamba msichana aliwajia na panga nao wakajikinga. Februari 2016, Mahakama Kuu ya Mombasa iliwatia maafisa wawili hatiani kwa kuua bila kukusudia, na kila mmoja akafungwa miaka saba. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza iliyotokana na uchunguzi wa IPOA, yaani Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi nchini Kenya.

Naanza na kesi hii kwa sababu madai ya kujikinga na panga hutolewa mara nyingi, na mara nyingi huishia hapo hapo. Ya Kinango hayakuishia hapo. Mwili wa msichana ulikuwa umekwisha kuzikwa. IPOA ilipata idhini ya kuufukua, daktari akauchunguza upya, na kuanzia hapo maneno ya maafisa yakapimwa dhidi ya vitu ambavyo haviwezi kushawishiwa.

Tuitazame sheria kwanza. Kanuni za nguvu na bunduki zimo katika Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011. Afisa anatakiwa aanze na njia zisizo za nguvu. Zikishindwa, au ikiwa wazi kwamba haziwezi kufaulu, ndipo atumie nguvu, nazo zilingane na uzito wa kosa na ukinzani anaoukuta. Bunduki ina masharti makali zaidi: itumike pale tu ambapo njia nyepesi hazitoshi, na shabaha kuu ni kuokoa uhai, wake au wa mtu mwingine, dhidi ya hatari iliyo mbele yake wakati huo. Sheria inataja sababu nyingine pia, kama vile kumzuia aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa asitoroke mikononi mwa polisi. Kabla ya kufyatua, afisa ajitambulishe na atoe onyo lililo wazi, amwachie mtu nafasi ya kulitii, isipokuwa kama kungoja kutahatarisha maisha. Wala hawezi kujificha nyuma ya amri ya mkubwa wake. Sheria inasema wazi kwamba amri haihalalishi nguvu zisizo halali.

Jambo linalowapita wengi ni kwamba hatari hupimwa kwa kila risasi. Mtu mwenye panga anayekukimbilia ni hatari kwa uhai. Mtu huyo huyo akiangusha panga, au akigeuka kukimbia, si hatari ile tena. Ndiyo maana afisa anaweza kuwa na haki katika risasi ya kwanza na kukosa haki katika ya tatu. Ndiyo maana pia mahakama inaweza kukubali kwamba afisa hakwenda pale na nia ya kuua, na bado ikamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia kwa sababu nguvu alizotumia zilipita kiasi. Maafisa wa Kinango walishtakiwa kwa mauaji, wakahukumiwa kwa kosa hilo dogo zaidi. Walipokata rufaa, hukumu yao haikutenguliwa.

Sasa twende kwenye yale yanayofuata risasi, maana hapo ndipo kesi hujengeka au huporomoka. Afisa aliyefyatua anawajibika kumwarifu mkubwa wake mara moja, hata kama hakuna aliyeumia. Aliyejeruhiwa apelekwe kutibiwa bila kuchelewa, na jamaa zake waambiwe. Mtu akifa au akijeruhiwa vibaya, mkuu lazima aiarifu IPOA, na mahali pa tukio palindwe pasiguswe. Kutotoa taarifa ni kosa la kinidhamu.

Hapa pana udhaifu mkubwa, nao unanisumbua kuliko mwingine wowote. Wanaofika kwanza mahali pa tukio ni wenzake wa aliyefyatua. Wao ndio wenye kamba ya kuzungushia, gari la kubeba mwili, na kalamu ya kuandika katika kitabu cha matukio. IPOA inaweza kufika baada ya saa nyingi. Maganda ya risasi yakiokotwa na kutiwa mfukoni, au mwili ukiondolewa kabla ya picha kupigwa, hakuna mchunguzi atakayeurudisha ulivyokuwa umelala.

Hata hivyo kuna vitu ambavyo ni vigumu kuvifuta. Bunduki ya polisi hutolewa ghalani kwa daftari: nani aliichukua, namba gani, risasi ngapi, na ngapi zilirudi. Ganda la risasi hubeba alama ya pini ya bunduki iliyolifyatua, na kichwa cha risasi kilichobaki mwilini hubeba mikwaruzo ya mtutu uliokitoa. Mtaalamu wa silaha akivilinganisha na bunduki zilizorudishwa, anaweza kusema risasi ilitoka katika ipi.

Mwili nao unaeleza mengi. Kidonda cha kuingilia mara nyingi ni kidogo, kina ukingo uliochubuka. Cha kutokea huwa kimechanika zaidi. Daktari akikuta kidonda cha kuingilia kiko mgongoni, dai la kushambuliwa uso kwa uso linahitaji maelezo mengine. Risasi iliyopigwa kwa ukaribu huacha masizi au chembe za baruti kwenye ngozi na nguo. Iliyopigwa kutoka mbali haiziachi. Njia iliyopitia ndani ya mwili inaweza kusaidia kuonyesha kama mtu alikuwa amesimama, ameinama au yuko chini. Kwa sababu hiyo nguo za marehemu ni ushahidi. Familia nyingi huzifua au huzichoma kwa uchungu, nami siwalaumu, lakini baruti huenda nazo.

IPOA ikimaliza, haiwezi kumshtaki mtu yenyewe. Hupeleka jalada kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye ana njia kadhaa, zikiwemo hizi: kushtaki kwa mauaji au kwa kuua bila kukusudia, kuomba hakimu aendeshe uchunguzi wa hadharani kuhusu kifo, au kufunga jalada. Uchunguzi wa hakimu si kesi ya jinai, na hakuna anayefungwa mwishoni mwake, ila mashahidi huitwa na kuapa, na hakimu anaweza kusema kwamba kuna mtu wa kushtakiwa. Familia nayo inaweza kudai fidia kortini kwa kuvunjwa haki ya uhai, bila kungoja matokeo ya jinai.

Kwa hiyo yakikufika, ama wewe ama jirani yako, usikubali mazishi kabla ya uchunguzi wa mwili. Taka daktari wa upande wenu awepo, na ombeni nakala ya ripoti. Hifadhi nguo zikiwa kavu katika mfuko wa karatasi, bila kuzifua. Pigeni picha za mahali, za kuta zenye matundu na za maganda, bila kuyashika. Andikeni namba ya gari na namba za kazi zilizo kwenye sare. Kisha pigeni simu IPOA kwa namba ya bure 1559 siku hiyo hiyo, msingoje kituo kilichofyatua risasi kiwapigie kwa niaba yenu.