Dopamini: Kipimo cha Kilichozidi na Kilichopungua

Wengi huijua dopamini kama kemikali ya raha. Majaribio aliyoyafanya Wolfram Schultz na wenzake kwa tumbili, huko Fribourg, Uswisi, yalionyesha kwamba seli zinazoitoa zina kazi nyingine.

Walipenyeza waya mwembamba kwenye ubongo wa kati na kusikiliza seli moja moja. Seli hizo zikitulia hutoa mapigo machache tu ya umeme kwa sekunde. Tumbili alipopewa tone la juisi bila kutarajia, mapigo yaliongezeka ghafla. Kisha taa ikawa inawashwa kila mara kabla ya juisi. Baada ya tumbili kuzoea, seli zilishtuka taa ilipowaka, na juisi yenyewe ilipofika hazikujali. Siku juisi ilipozuiliwa, zilinyamaza wakati uleule ambao ilipaswa kufika.

Kama zingekuwa zinapima raha, juisi ingeendelea kuzishtua, maana utamu wake haukupungua. Na wakati zilipokaa kimya hapakuwa na sauti wala mwanga wa kuzinyamazisha. Ni lazima ubongo ulikuwa unasubiri kitu, na saa yake ukiijua.

Mwaka 1997 Schultz, Peter Dayan na Read Montague walieleza kwamba mapigo hayo yanafanana na hesabu ambayo Richard Sutton na Andrew Barto walikuwa wameibuni ili kompyuta ijifunze kwa kujaribu. Hesabu hiyo hutafuta kosa la utabiri: kilichopatikana, toa kilichotarajiwa.

Tuseme juisi ina thamani ya 1, na kila kosa hurekebisha utabiri kwa nusu yake. Mwanzoni utabiri ni 0, hivyo kosa ni 1, na utabiri unapanda hadi 0.5. Mara ya pili kosa ni 0.5, utabiri unafika 0.75. Mara ya tatu kosa ni 0.25. Utabiri ukikaribia 1, kosa huisha na seli hutulia. Juisi ikizuiliwa hapo, kosa ni −1, na ndiyo maana ya ule ukimya. Taa nayo huwaka bila taarifa: matarajio yanaruka kutoka 0 hadi 1 kwa mpigo, na mruko huo huhesabiwa kuwa kosa.

Je, kosa hilo ndilo linalofundisha? Mnyama anayetarajia chakula kwa sababu ya ishara moja hujifunza kidogo sana kuhusu ishara ya pili ikiongezwa, kwa kuwa hakuna kosa lililobaki. Mwaka 2013 watafiti waliziamsha seli za dopamini za panya wakati huohuo chakula kilipofika, na panya wakajifunza ishara ile ya pili.

Hata hivyo hesabu na seli havilingani kikamilifu. Hesabu inaweza kushuka chini ya sifuri kadiri inavyotakiwa, lakini seli yenye mapigo machache kwa sekunde haiwezi kushuka zaidi ya kunyamaza. Kwa hiyo furaha isiyotarajiwa huonekana wazi kwenye mapigo kuliko hasara inayolingana nayo.